Mwili Uliokuwa Mzima Nikiwa Peke Yangu

Miaka ile ya kuporomoka, mji wetu wa Likasi uliishia kwenye karatasi za karanga. Nyumba za Wazungu wa kampuni ya migodi ziliporwa, na chochote chenye kurasa, vitabu vya watoto, ramani, katalogi za nguo za baridi, kilifika sokoni Kikula kwa akina mama waliokunja koni za karanga. Ukinunua karanga unapata na nusu ya hadithi. Siku moja koni yangu ilikuwa na mguu wa mwanamke wa Kizungu, mguu mtupu, mrefu, usio na mwisho. Mama muuzaji alinitazama, akacheka, akatoa chini ya meza yake gazeti zima. “Papa, ile iko na mingine,” alisema. Nikalichukua. Nililiweka ndani ya shati kama mtu aliyeiba kuku.

Nilikuwa karani kwenye karakana ya kampuni, ingawa karani wa nini sijui, kwa sababu mashine zilikuwa zimelala na mshahara ulikuwa hadithi. Nilikwenda asubuhi, nikakaa, nikarudi saa sita. Nilikuwa nimeoa. Mke wangu alizaliwa Likasi, kwenye nyumba za wafanyakazi, ila baba yake alikuwa ametoka Kasai zamani za Wabelgiji, amechukuliwa kuja kuchimba. Sisi wengine tulijiita wenye nchi. Kabla ya miaka ile neno hilo halikuwa na maana yoyote kwenye chakula chetu wala kitandani kwetu. Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikuwa watu wawili wenye afya na kelele, majirani waseme wenyewe.

Halafu vijana wakaanza kupita mitaani wakiimba kwamba Wakasai ni bilulu, wadudu, warudi kwao. Nyumba ya wakwe zangu ilichukuliwa na watu waliokuwa wakiwajua kwa majina. Wazee wale walihamia stesheni ya treni na maelfu ya wenzao, wakalala chini ya maturubai, wakingoja behewa. Mke wangu alibaki na mimi, kwa kuwa mimi ndiye mumewe. Kila siku saa sita alifunga sufuria ya bukari, ugali wetu, kwa kitambaa, akaweka samaki juu kama wapo, akaenda stesheni kuwalisha wazazi wake.

Siku ya kwanza aliyotoka kule alirudi akilia. Nilimkumbatia. Tulikwenda chumbani, kwa sababu ndiyo njia tuliyoijua ya kufarijiana. Huko nje watoto walikuwa wanakimbia, na mimi nikawa nasikiliza kila mguu: huyu anapita, yule amesimama mlangoni? Na mwili wangu ukakataa. Haukukataa kidogo, ulikataa kabisa, ukalala kama paka wa jirani. Nilisema nimechoka. Mke wangu akasema si kitu. Kweli haikuwa kitu, kama ingekuwa imeishia hapo.

Lakini mimi nina kichwa kibaya. Mara ya pili sikwenda kwake kama mume, nilikwenda kama mwalimu anayesimamia mtihani. Nilikuwa najiangalia: inakuja? Haiji? Na ukijiangalia hivyo, wapi! Haikuja. Mara ya tatu nilianza kutetemeka kabla hata sijavua viatu. Baada ya hapo nikaanza kuchelewa kulala, kurekebisha redio isiyoharibika, kuugua kichwa. Mke wangu alikaa upande wake wa kitanda, akiwa ameelekea ukutani.

Siku moja aliniuliza bila kugeuka, “Ni ju ya kuwa minye ni mukasai? Sema tu. Bote banasema, na weye sema.”

Nilikasirika kupita kiasi. Nilimwambia hana haya, nilimwambia ananitukana. Nilipiga kelele, nikachukua redio yangu, nikatoka nayo uani.

Sasa lile gazeti. Mke wangu akitoka na sufuria yake kwenda stesheni, mimi nilikuwa nimekwisha kurudi kutoka kazini. Nyumba ilikuwa kimya. Nilifunga mlango, nikalitoa chini ya godoro la akiba, na mwili wangu ukaamka kama vile haukuwahi kusikia habari za mgomo. Uliamka kikamilifu, ukafanya kazi mpaka mwisho. Na asubuhi vilevile, kabla sijafumbua macho vizuri, ulikuwa umesimama wenyewe. Halafu mke wangu akigeuka tu kunitazama, basi, kwisha. Eh, Mungu wangu, nilichanganyikiwa. Kama nimekufa, kwa nini nafufuka nikiwa peke yangu? Kama ni mzima, kwa nini nakufa mbele ya mwanamke ninayempenda? Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Wanaume wa karakana walizungumza juu ya mambo hayo kila saa, na kila mmoja alikuwa simba. Nilicheka pamoja nao. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa katikati ya kicheko kile.

Mama yangu alikuwa shemasi katika nyumba ya maombi ya mtaani kwetu, mahali pa ngoma, mapepo na kufunga kula siku ya Ijumaa. Alianza kuuliza kwa nini hakuna mimba. Nilipochoka naye nilikwenda kwa pasta. Pasta alikuwa kijana mwembamba, mwenye koti kubwa kuliko yeye, na mtu mwema kwa njia yake. Nilimweleza nusu. Nilisema na mke wangu inakataa, na nikiwa peke yangu, asubuhi, inafanya. Juu ya gazeti nilinyamaza. Nani anamwambia mtu wa Mungu habari za gazeti?

Pasta alifumba macho, akafikiri. “Ndugu yangu, ile iko wazi,” alisema. “Bibi akiwa mbali, unafunguka. Bibi akikuwa karibu, unafungwa. Ni cadenas, ni kufuli. Funguo iko na nani? Iko naye.”

Sikumpinga. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo nikilisema, kwa sababu hesabu yake ilionekana sawa kwangu. Nilikuwa nimempa mambo mawili, naye ameyajumlisha. Nilitoka pale, na kwa juma zima nilipomwona mke wangu akikoroga unga nilikuwa nautazama mkono wake.

Ni woga huo wa mkono wa mke wangu ulionipeleka hospitalini. Nilijiambia, kama daktari akikuta ugonjwa, mke wangu amepona. Hospitali ilikuwa katika hali mbaya, glavu zimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba pamoja na mashuka. Niliingia nikamkuta daktari ni mwanamke, umri wa mama mdogo wangu, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikarudi nyuma mlangoni.

“Kaa,” alisema. “Nilishaona mingi kuliko ile unafichaka.”

Nilikaa. Alipima presha. Aliangalia macho, akashika mapigo ya miguu yangu, akanikagua pale panapohusika bila kuguna wala kucheka. Alikuwa na vijikaratasi vichache vya kupimia sukari kwenye mkojo, akatumia kimoja kwangu. Aliuliza kama nina kiu sana, kama nakojoa sana, kama nimeanguka au kuumia mgongo, kama ninakunywa dawa yoyote au pombe nyingi. Nilijibu hapana kwa kila kitu, isipokuwa bia, ambayo kwa wakati ule hakuna aliyeweza kuinywa nyingi hata akitaka.

“Ilianza pole pole, ao siku moja tu?”

“Siku moja, Dokta.”

“Asubuhi inasimama?”

“Inasimama.”

“Nguvu?”

“Nguvu.”

“Ukikuwa weye moja, peke yako?”

Nilitazama sakafu. Nikasema inafanya, Dokta, vizuri. Akauliza kama ninatazama kitu. Sijui kwa nini kwake niliweza. Nilimwambia gazeti, nikamwambia saa, nikamwambia mke wangu anakuwa amekwenda wapi saa ile. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho.

Alivua miwani. “Sikia, mwanangu. Mushipa haijue kama bibi eko mu nyumba ao eko ku gare, kule stesheni. Kama damu haikufika, haingefika hata na picha. Kama mushipa ya habari ingekatika, ingekatika hata asubuhi. Kwako kila kintu inafika. Sisemi najua yote, na kama siku moja ile ya asubuhi nayo itaanza kupotea, urudi, tutatafuta tena. Lakini ile unanielezea inatuonyesha upande ya kutafuta. Haiko mu mwili kwanza. Iko kati yako na ile kitanda.”

Nilimuuliza kama ni uchawi. Akacheka kwa pua.

“Ni woga. Muntu mwenye kuogopa, mwili yake inajitayarisha kukimbia ao kupigana, haijitayarishe kulala na bibi. Siku ya kwanza ulikuwa unasikiliza barabara. Siku ya pili ulikuwa unajisikiliza weye mwenyewe. Njo yote. Picha haikuangalie, haikuulize kitu, hailie, haina baba ku gare. Na mukono yako ilishajua njia yake. Ukizoea ile njia moja tu, mwili inaweza kusahau zingine.”

Dawa aliyonipa haikuwa ya kumeza. Nimwambie mke wangu kila kitu. Gazeti liondoke. Tulale pamoja, tushikane, tuongee, lakini lile tendo lenyewe asilitake mtu, hata mwili ukitaka, mpaka yeye daktari aseme. “Hakuna examen, hakuna mutihani,” alisema. “Kama hakuna examen, hakuna kushindwa. Halafu kisha mwezi moja mukuye babili hapa, minye nitabaambia kama wakati ilifika.”

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilipanga kumwambia mke wangu jioni ile. Jioni ikaja, nikasema kesho. Kumwambia habari ya woga niliweza. Habari ya saa niliyokuwa nafanya yale, hapana. Nikavuta siku.

Mama yangu hakuvuta. Pasta alikuwa amemweleza habari ya cadenas, kwa nia njema kabisa, na Jumapili baada ya ibada tuliitwa kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Viti vilikuwa vimepangwa uani. Mke wangu aliwekwa kwenye mkeka, mbali kidogo, na watu walizungumza juu yake kama vile hayupo. Mama alisimama akasema mtoto wake amefungwa, wapo mashahidi wa rohoni, na treni ya Wakasai itakuja siku yoyote. Huyu binti aende na watu wake na funguo zake. Hakusema kwa chuki. Alikuwa analia. Aliamini ananiokoa.

Mke wangu hakuinua kichwa. Nilijua kinachomsubiri. Kwenda na wazazi wake ni kitu kimoja, maana hata yeye alikuwa akiniambia kwamba baba yake anakohoa damu na mama yake hawezi kumbeba. Lakini kwenda ukiwa mchawi, ukapanda behewa lililojaa majirani wa utoto wako ambao watasikia habari hiyo kabla hujakaa, ni kitu kingine. Jina kama hilo lingefika Kasai kabla yake.

“Mutoto, unasema nini?” baba mkubwa aliniuliza. Alikuwa amefanya kazi kwenye tanuru la shaba maisha yake yote, na masikio yake yalibaki kule.

Nikasema polepole, “Baba, hakunifunga. Nilienda kwa munganga. Mwili iko muzima.”

“Nini? Sema nguvu!”

“Mwili iko muzima!”

“Sasa mbona hakuna mutoto?”

“Ni woga, baba.”

“Nani mwoga?”

Pasta, aliyekuwa amekaa kando ya mama, akaingilia, akasema kwa upole kwamba hata mimi nilikubali kwake: bila mke nafunguka. Ndiyo maana ni mke. Watu wakatikisa vichwa, na kweli hesabu yake ilionekana safi, hakuna pa kuikata. Basi nikaona kwamba kipande nilichoficha ndicho pekee kinachoweza kuikata. Nikasimama.

“Ninafunguka na picha!” nilimpigia kelele baba mkubwa sikioni, na ua mzima, na watu wa ng’ambo ya ukuta. “Gazeti ya Bazungu! Banamuke ya uchi! Ninafunga mulango, ninaangalia, inafanya! Bibi yangu hana kosa! Ni minye!”

Hii safari baba mkubwa alisikia. Wote walisikia. Kuku peke yao ndio walioendelea na mambo yao. Mama yangu alijifunika uso na kitenge. Pasta akaanza kusema neno juu ya pepo la macho, ila baba mkubwa akamzuia kwa mkono. “Acha, Pasta. Kama nguvu anaimalizia ku picha, muke haiko mulozi. Ni huyu njo mupumbavu.” Akanigeukia. “Ikala.” Nikakaa. Mambo yakaishia hapo, soda zikanywewa bila mtu kunitazama.

Tulirudi nyumbani mke wangu akiwa mbele na mimi nyuma. Nilidhani atanishukuru, mjinga mimi. Alipofunga mlango alisimama katikati ya chumba.

“Wakati nilikuwa ku gare na bukari ya baba yangu?”

“Ndiyo.”

“Kila siku?”

“Si kila siku.”

Akakaa kitandani. Nilimweleza yote sasa, barabara, miguu ya watoto, mtihani, maneno ya daktari. Alisikiliza. Alichosema mwishoni sikukitegemea.

“Minye nilizania weye vile, kama bale bengine, ulinifukuza, njo haukusema tu. Na weye ulikuwa mwoga. Minye pia ni mwoga, kila siku, ku njia yote! Ju ya nini haukuniambia, tukuwe na woga babili?”

Nililia. Siku hizo nilikuwa mtu wa kulia kwa siri, lakini pale nililia mbele yake, kwa kamasi na sauti. Gazeti alilichukua yeye mwenyewe, akalitia jikoni, likawasha mkaa vizuri.

Tukafuata maneno ya daktari. Mchana, akirudi kutoka stesheni, tulilala juu ya kitanda na nguo, halafu bila nguo, tukishikana mikono kama wagonjwa wa wodi moja. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Alinionyesha kovu la goti lake ambalo kwa mwaka mzima wa kelele zetu sikuwa nimelijua. Nilimwambia nilivyoogopa vijana wale wanaoimba, kwamba wengine tulisoma nao. Alinieleza jinsi mama yake anavyolala amekaa, ili baba aegemee. Tulisikiliza barabara pamoja, naye akawa ananitajia: huyo ni muuza maji, huyo mtoto wa jirani. Ukijua ni nani, mguu ni mguu tu.

Na mchana mmoja, tukiwa hivyo, anazungumza habari ya bei ya unga, mwili wangu ukaamka. Sikuwa nimeuita. Yeye ndiye aliyeona kwanza. Akanyamaza katikati ya bei, akatazama, akaangua kicheko, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka kitanda kikalia. Haukulala. Alikuwa ananitazama, nami nilikuwa namtazama, na haukulala.

“Dokta alisema nini?” aliuliza.

“Alisema tungoje mpaka atuite.”

“Basi tungoje. Atatuita juma ijayo.” Akaweka kichwa chake begani mwangu. Tulikuwa wanafunzi wazuri, tulitaka kumwonyesha daktari kwamba hatukuiba. Nilikuwa na furaha hata sikuona haraka ya kitu chochote.

Treni ilikuja kesho yake asubuhi, bila kutangazwa, kama zote. Nilikuwa karakanani. Mtu aliniambia mabehewa yameingia, nikakimbia. Nilimkuta mke wangu mlangoni mwa behewa la mizigo, amemshika baba yake kwa kwapa, na mzee alikuwa hawezi kusimama. Mama yake tayari alikuwa juu, anavuta. Nilimsukuma mzee kutoka chini. Alikuwa mwepesi mno. Mke wangu akapanda nyuma yake ili amkalishe, na watu wakapanda nyuma yake wakamziba.

“Nitamufikisha tu!” alipiga kelele kutoka ndani. “Nitarudia!”

“Nitakuja kukuchukua!” nilisema. Sijui kama alisikia. Alitoa mkono juu ya vichwa vya watu, nikagusa kidole kimoja au viwili.

Mzee alikufa njiani, nilikuja kusikia baadaye sana. Treni zilizoteremka kutoka kule hazikuleta mtu. Nilikwenda stesheni mara nyingi kuuliza, nikapata habari za watu wengine. Na miaka ilipopita nikasikia kwamba yuko Mwene-Ditu, kule Kasai, ana mume, ana watoto. Mtu aliyeniletea habari hiyo alisema hana tatizo lolote, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, nikakaa siku nzima bila kula.

Lakini juma lililofuata, treni ilipokuwa imekwisha kuondoka, siku ya daktari ilifika. Nilikwenda. Sikuwa na sababu, ila tulikuwa tumeahidi. Daktari aliangalia nyuma yangu mlangoni.

“Bibi eko wapi?”

“Alipanda treni, Dokta.”

Alivua miwani. “Na ile kintu?”

“Ilipona. Ilipona naye pale, ananiangalia. Tulingoja utuite.”

Alikuwa ametuwekea viti viwili. Nilikaa kwenye kimoja.